Kristali moja, chaneli zote: acheni koili ya VCO ipumzike
Mhadhara kwa mafundi wa redio za mawasiliano, Dar es Salaam

Asalaam aleykum. Habari za jioni, ndugu zangu mafundi. Karibuni, na wale wa nyuma sogeeni, maana leo sitachora sana ubaoni. Nataka muone kwa macho.

Hapa mezani ipo redio ya VHF ya baharini, nimeivua kifuniko. Antena nimeitoa, nimeweka mzigo bandia wa omu 50. Kaunta ya masafa ile pale inasoma 156.800 megahezi, yaani chaneli 16. Mita hii ya volti nimeigusisha kwenye waya wa volti ya kuongoza, ule unaoelekea VCO, yaani osileta inayozalisha masafa na kuyapandisha au kuyashusha kwa kufuata volti hiyo. Inasoma 2.4. Sasa tazameni. Nashika bisibisi ya plastiki, nazungusha kiini cha koili ya VCO robo mzunguko kuingia ndani. Volti? Imepanda, 2.9. Kaunta? Bado 156.800. Nazungusha tena. Volti 3.5. Kaunta haijasogea hata tarakimu moja.

Hilo ndilo nililokuja kusema, nimelisema miaka mingi na nitaendelea kulisema: koili ya VCO haiweki masafa ya chaneli. Masafa yanawekwa na kristali na kigawanyi. Ukizungusha koili unabadilisha volti ambayo kitanzi, yaani saketi inayolinganisha VCO na kristali na kuisahihisha, kinahitaji ili kufika palepale kilipokuwa.

Kwa nini kaunta haikusogea? Kwenye redio hii kristali ni ya megahezi 12.8. Kigawanyi cha kwanza kinaigawa kwa 512, unapata kilohezi 25 kamili. Huo ndio mdundo wetu. Upande wa pili VCO inatoa masafa yake, nayo yanapita kwenye kigawanyi cha pili, kile tunachokiita N. Kwa chaneli 16 kompyuta ndogo ya redio inaandika N kuwa 6272. Zidisheni: 6272 mara kilohezi 25 ni megahezi 156.8. Kwa chaneli 6 inaandika 6252, na hiyo ni 156.3. Chaneli 12 ni 6264, yaani 156.6. Kristali haikuguswa. Kilichobadilika ni hesabu tu.

Midundo hiyo miwili, wa kristali na wa VCO iliyogawanywa, inakutana kwenye kilinganishi cha fezi. Mmewahi kuona watu wawili wakitwanga kinu kimoja? Kila mmoja ana mchi wake, na mmoja akichelewa kidogo mwenzake anasikia mara moja. Kilinganishi kinafanya kazi hiyo. Mdundo wa VCO ukichelewa, pampu ya chaji inasukuma chaji kidogo kwenye kapasita za kichujio, volti inapanda, dayodi ya varakta inapungua ukapasita, VCO inaongeza mwendo. Ukiwahi, pampu inanyonya, volti inashuka.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka. Kuna kijana aliwahi kuniuliza: "Mwalimu, hicho kitanzi kinasahihisha karibu karibu tu, si ndiyo? Lazima kibaki na kosa dogo." Hapana! Midundo miwili ikitofautiana hata kwa hezi moja, pengo kati yao haliwezi kutulia. Linakua kila sekunde inayopita, na pampu itaendelea kusukuma. Volti itaendelea kusogea mpaka tofauti ya mwendo iishe kabisa. Kitanzi kikishaloki, masafa ya VCO ni N mara kilohezi 25 sawasawa, bila baki. Inaweza kubaki tofauti ndogo ya fezi isiyobadilika, lakini ya masafa haibaki. Ndiyo maana nilipozungusha koili, kitanzi kililipia kwa volti na kaunta ikatulia.

Sasa niwasimulie redio moja, maana ndiyo inayonifanya niwe mkali. Ililetwa na nahodha wa boti ya uvuvi, mtu wa kule Mafia anayeuza samaki wake hapa Feri. Akaniambia: "Fundi, asubuhi inasema vizuri. Jua likipanda, nikibonyeza haitoi kitu. Jioni inarudi." Alishaipeleka kwa fundi mwingine, akairudisha siku hiyohiyo akiambiwa ni nzima. Na kweli, kwenye meza ya karakana yenye feni ilikuwa nzima! Kaunta ilisoma 156.800, nguvu ilitoka zote. Mtu anayetazama kaunta peke yake angeapa haina ugonjwa.

Nikaweka mita kwenye waya wa kuongoza. Volti 4.4 kwenye chaneli 16. Pampu ya chaji ya redio ile inalishwa volti 5, na ikifika kama 4.5 haiwezi tena kusukuma sawasawa. Ilikuwa imebakiwa na sehemu moja ya kumi ya volti. Nikatazama kiini cha koili: nta ya kiwandani imevunjwa, kiini kimezamishwa ndani. Aliyekizamisha bila shaka alidhani anasahihisha masafa.

Fuateni hesabu. VCO ile inasogea kama megahezi 2 kwa kila volti. Boti ikikaa juani, ndani ya kasha koili na kapasita zinapata joto, na VCO peke yake inataka kushuka, tuseme nusu megahezi. Kitanzi kinahitaji kuirudisha juu, kwa hiyo kinataka robo volti zaidi. 4.4 na 0.25 ni 4.65. Pampu haifiki huko. Kitanzi kinaachia, pini ya kuonyesha loki inabadilika, na kompyuta ya redio inakataza kurusha. Ni sawa ikataze, la sivyo ingepaza sauti kwenye masafa ya watu wengine. Lakini nahodha yuko katikati ya bahari mchana, na chaneli 16 ndiyo ya kuombea msaada.

Nilichofanya kilichukua dakika kumi. Niliweka redio kwenye chaneli ya chini kabisa ya kurushia, 156.025, nikapima. Nikaweka ya juu kabisa, 157.425, nikapima. Tofauti yao ni megahezi 1.4, kwa hiyo volti zinatofautiana 0.7 tu. Nikakitoa kiini taratibu mpaka ya chini ikasoma 2.1 na ya juu 2.8. Hapo kuna nafasi ya kutosha juu na chini. Kisha nikapuliza hewa moto ya kukaushia nywele kwenye bodi huku natazama mita. Ikapanda, ikafika 3 na kitu, ikatulia. Kaunta haikutikisika. Nikaziba kwa nta.

Kwa hiyo koili ina kazi yake, sisemi isiguswe milele. Inaguswa ukiwa na mita kwenye volti ya kuongoza, na unafuata volti iliyoandikwa kwenye kitabu cha redio hiyo. Kaunta haikusaidii hapo hata kidogo.

Najua swali linalokuja. "Basi masafa yakiwa yamesogea kweli, niguse nini?" Gusa kristali. Angalieni uwiano: 156.8 ukigawa kwa 12.8 unapata 12.25. Kila hezi moja inayopotea kwenye kristali inatoka hewani ikiwa hezi 12 na robo kwenye chaneli 16. Kristali ikizeeka na kupanda hezi 128 tu, kitu ambacho kwa megahezi 12.8 kinaonekana si chochote, hewani unapata kosa la hezi 1568. Kikomo cha redio za meli za VHF ni kilohezi 1.5 juu au chini. Umeshavuka.

Na kosa la kristali lina alama yake. Linakuwepo kwenye chaneli zote, upande uleule, kwa kiasi kinacholingana karibu kabisa, na mita ya volti ya kuongoza inaonyesha hali ya kawaida. Ukiona hivyo, tafuta trima ndogo iliyo karibu na kristali. Ikiwa kristali yenyewe ni ile iliyofungwa pamoja na saketi ya kufidia joto na haina mahali pa kurekebishia, badilisha. Lakini kama chaneli moja tu ndiyo mbovu na nyingine zote ziko barabara, kristali haina hatia. Kristali haiijui chaneli 12 wala 16. Tazama namba ya N inayoandikwa kwenye kigawanyi.

Hapo hapo, kabla hujazungusha trima, kaunta yako mwenyewe umeiamini kwa nini? Nayo ina kristali ndani. Kaunta yenye kosa la sehemu 5 kwa milioni itakuongopea hezi 784 kwenye chaneli 16, nusu ya ule ukomo. Umeiwasha sasa hivi na unataka kusahihishia redio ya mtu? Iache ipate joto nusu saa, na angalau mara moja kwa mwaka ilinganishe na chanzo kinachofuata saa za setilaiti za GPS. Nimeona redio tatu za boti moja zilizosahihishwa zote kwa kaunta mbovu. Zilisikilizana vizuri zenyewe kwa zenyewe, na kwa wengine zikasikika sauti ya kukwaruza.

Naona muda umekwenda.  

Ila kapasita za kichujio siwezi kuziacha. Kapasita ikivuja, volti inashuka kidogo kidogo kati ya mdundo na mdundo, na pampu inalazimika kujaza kila mara. Kujaza huko kunatokea mara 25,000 kwa sekunde, kwa hiyo VCO inatikiswa kwa kilohezi 25, na hewani yanatokea mawimbi madogo mawili, moja kilohezi 25 juu na jingine 25 chini. Nafasi kati ya chaneli ni kilohezi 25. Maana yake unaingia moja kwa moja kwa majirani, wakati kaunta inasoma sawa, nguvu iko sawa na loki iko sawa. Mwenye boti halalamiki. Wanaolalamika ni wa chaneli ya pili. Tantalamu kuukuu kwenye kichujio itoe, weka ya filamu yenye thamani ileile, na safisha ubao kwa spiriti mahali hapo, maana chumvi ya bahari iliyoganda kati ya njia mbili za shaba inavujisha vilevile kama kapasita mbovu.

Haya, mwenye redio yake aliyokuja nayo ailete mezani. Fungueni kifuniko, na mita ianzie kwenye waya wa kuongoza.