Ile "to" iliyozidi: tuitazame "She made me to cry"

Ahsanteni kwa kufika. Nimeandika ubaoni sentensi moja, na nusu ya kipindi tutakaa nayo: "She made me to cry." Maana yake inafika bila shida. Ila kuna neno limezidi hapo, nalo ni "to".

Limeingiaje? Sisi tulianza kwa kukariri kwamba "to cry" ni "kulia", tukaizoea "to" kama "ku" yetu. Halafu zikaja sentensi kama "She told me to wait" na "She wanted me to stay", zote sahihi, zote zina "to". Tukifika kwenye "made", mkono unaiandika wenyewe. Na Kiswahili hakitupi onyo lolote, kwa sababu chenyewe kina njia nyingine kabisa: tunasema "alinifanya nilie", au tunamaliza kwa neno moja, "aliniliza".

Kwa "make" na "let", kitenzi kinachofuata huja kitupu. Naomba tulishike hilo neno "kitupu", maana watu wengi huvua nguo moja wakaacha nyingine. Ukimwambia mwanafunzi aondoe "to", anakuandikia "She made me cried". Ameona jambo limepita, akapachika wakati uliopita mara mbili. Wakati umeshabebwa na "made". "Cry" haibebi kitu. Vivyo hivyo "Onions make him cries" si sahihi, hata kama anayelia ni "him". Andika "make him cry". Na "let" haibadiliki umbo wakati uliopita: "Yesterday she let me go."

Kuna mzee pale nyuma amenyoosha mkono. Anasema Biblia ya Kiingereza aliyoizoea, ile ya mwaka 1611, kwenye Zaburi ya 23 inasomeka "He maketh me to lie down in green pastures". Swali zuri sana hilo, nilikuwa nalingoja. Ni kweli, Kiingereza cha zamani kiliiruhusu "to" hapo. Kiingereza cha leo hakiiruhusu, na tafsiri za siku hizi zinaandika "He makes me lie down". Kwa hiyo mzee hakukosea kusoma. Ila akiandika barua ya kazi leo kwa mtindo ule, ataonekana amekosea.

Sasa sehemu inayowaangusha hata wazuri. Sentensi ikigeuzwa kuwa ya kutendwa, "to" inarudi: "I was made to cry." Aliyekariri kwamba "make" haitaki "to" ataandika "I was made cry", naye amekosa. Kabla hujaamua, tazama nyuma ya "made". Ukikuta "was", "were" au "been", weka "to". Ukikuta mtendaji mwenyewe, "she made", "they made", usiweke.

"Let" haiingii vizuri kwenye umbo hilo. "I was let to go" haisemwi, watu huazima "allow": "I was allowed to go."

Na "allow" ndiyo inayotuchanganya, kwa kuwa maana yake inakaribiana na "let" lakini tabia ni tofauti. Ukimtaja mtu, inadai "to": "She allowed me to go." Usipomtaja mtu, inadai "-ing": "They don't allow smoking." Kwa hiyo "allow me go" ni kosa, na "allow to smoke" pia ni kosa.

"Help" haina ugomvi. "She helped me carry it" na "She helped me to carry it" zote zinakubalika. Lakini "helped me carried" haikubaliki, kwa sababu ileile ya "cried".

Tusahihishe pamoja aya hii: "The teacher made us to repeat the exercise. She didn't let us to leave. We were made stay until four. Then she allowed us go, and a friend helped me understood the answers."

"Made us to repeat": mtendaji yupo, ni mwalimu, toa "to". "Let us to leave": toa tena. "Were made stay": kuna "were" nyuma yake, weka "to". "Allowed us go": mtu ametajwa, weka "to". "Helped me understood": wakati umeshabebwa na "helped", rudisha "understand". Tunapata: "The teacher made us repeat the exercise. She didn't let us leave. We were made to stay until four. Then she allowed us to go, and a friend helped me understand the answers."

Mtu ananiuliza kuhusu "force". Hiyo inakaribiana kimaana na "make" lakini inakaa upande wa "allow": "She forced me to cry." Nadhani ndiyo mmoja wa wanaotuponza.