Turubai kwanza, gari baadaye: mazungumzo ya joto kwenye yadi ya malori Elegu

Haya, wazee wangu shikamooni, vijana mambo. Sogeeni huku kwenye kivuli cha trela, maana siwezi kuwaongelea habari ya joto huku nimewaanika juani kama samaki. Mwenyekiti wa makuli ameniomba nusu saa, kwa hiyo siendi mbali, nitaongea vitu viwili tu ambavyo watu hapa mpakani wanavichanganya kila kiangazi, kimoja mtu atakaa kivulini anywe maji na jioni atakula chapati yake kama kawaida, kingine kinaweza kumuua kabla gari halijafika Atiak.

Cha kwanza tunakiita uchovu wa joto. Cha pili ni kiharusi cha joto, na jina hilo linawapotosha wengi, wanadhani ni ile ya mdomo kwenda upande na mkono kulegea. Sio hiyo. Hii ni ubongo unapikwa, sina namna nyingine ya kusema.

Tuanze na mwili wenyewe. Ukibeba mfuko, misuli inatoa joto, joto nyingi sana, na mwili unalitoa kupitia jasho. Lakini jasho halipoozi kwa sababu limetoka, linapooza kwa sababu linakauka kwenye ngozi na kuondoka na lile joto. Sasa fikiria mko wawili watatu ndani ya kontena la futi 40, mlango mmoja tu, bati limechomwa na jua tangu asubuhi, hakuna upepo, na mvuke wa jasho lenu wenyewe umejaa humo ndani. Jasho linadondoka chini tu tap tap tap, halikauki. Unapoteza maji na chumvi bure na joto linabaki ndani yako. Ndio maana mtu wa kontena anaanguka haraka kuliko mwenzake aliye juu ya lori la wazi kwenye jua kali.

Niwape kisa cha hapahapa, sitaji jina la mtu wala la mwenye gari. Ilikuwa Januari, saa nane mchana, vijana wanapakua unga, mifuko ya kilo 50. Wawili wakaumia siku ile ile, kontena lile lile, na kwa bahati mmoja alikuwa na hiki na mwingine kile, ndio maana napenda kukisimulia.

Wa kwanza alitoka mwenyewe akakaa chini. Jasho linamtiririka, ngozi imepauka, kichwa kinamgonga, misuli ya miguu imekaza, akatapika kidogo. Ukimtazama unasema huyu ndiye anakufa. Lakini nilimuuliza leo siku gani, akasema. Hapa wapi, akasema Elegu. Unapakua gari la nani, akanijibu "la yule mzee asiyelipa kwa wakati", watu wakacheka. Basi, kichwa kiko sawa, huo ni uchovu wa joto. Tukamweka kivulini, tukamvua shati na viatu, akalala miguu juu ya mfuko, tukamlowesha maji na mwenzake akampepea na kipande cha boksi. Maji ya kunywa kidogokidogo, na pakiti ya ORS kwenye lita moja. Kama huna pakiti, weka vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwenye lita moja ya maji safi, vijiko vya kufutwa juu, sio vya mlima. Baada ya nusu saa alikuwa amekaa anauliza simu yake iko wapi. Angekuwa hajapata nafuu kwa hiyo nusu saa, au anatapika kila anachokunywa, ningempeleka hospitali hata kama anaongea vizuri.

Wa pili hakulalamika kitu. Huyo ndiye wa kuogopa. Alikuwa anabeba tu, halafu wenzake wakaona anachukua mfuko uliokwisha shushwa anaurudisha ndani ya kontena. Wakamwita, hajibu. Anatembea kama mlevi, anaongea na mtu ambaye hayupo. Mmoja akamshika bega, jamaa akarusha ngumi. Na hapo hapo watu wakaamua, huyu kapiga waragi asubuhi, muacheni alale. Karibu wamuache kweli, na angelala moja kwa moja.

Sasa sikilizeni hapa, hata nyinyi mnaochezea simu. Wote tumefundishwa kwamba mwenye kiharusi cha joto ana ngozi kavu. Hiyo ni kweli kwa bibi kizee aliyefungiwa nyumbani kwenye joto siku mbili tatu, au mtoto aliyeachwa kwenye gari. Kwa mtu aliyekuwa anafanya kazi nzito ngozi inaweza kuwa imelowa chapachapa, na kijana huyu alikuwa amelowa. Mtu mmoja akaniambia "daktari, jasho bado linatoka, si mbaya". Ni mbaya! Usitazame ngozi, tazama kichwa. Amekuwa kwenye joto au kazi nzito na sasa anachanganyikiwa, anayumba, amekuwa mkali bila sababu, maneno yanabebana, anatetemeka degedege au amezimia, hicho ni kiharusi cha joto mpaka ithibitishwe vingine.

Na ile bunduki ya kupima joto kwenye paji la uso, mliyoizoea hapa mpakani tangu enzi za korona na ebola, ilimsoma 36.9. Inasoma ngozi, na ngozi iliyolowa jasho inadanganya. Ya kwapani nayo inashusha. Mimi nilikuwa na kipimo cha kupitia nyuma, ndio, cheka tu, kikasoma 41.2. Kuanzia 40 hivi pamoja na akili kuvurugika hatubishani tena. Na nyinyi ambao hamna kipimo msisubiri kipimo, akili ikivurugika inatosha.

Pikapu ilikuwa imeshawashwa tayari kumkimbiza Atiak. Nikawaambia zimeni. Hapo watu walinikasirikia kidogo, wakaona nachelewesha mgonjwa. Lakini hesabu ni hii, mtu aliyepoozwa ndani ya nusu saa kwa kawaida anatoka salama, na kila dakika inayozidi hapo ini, figo na ubongo vinaharibika. Kwenda Atiak peke yake kunakula hiyo nusu saa yote, na ukifika ukute foleni. Unapooza kwanza, halafu unasafirisha. Mmoja apige simu ya gari wakati wengine wanapooza, hivyo ni sawa, lakini gari lisiondoke na mtu anayeungua.

Njia nzuri kuliko zote ni kumzamisha kwenye maji ya baridi mpaka shingoni. Hatuna beseni la kumtosha mtu mzima, lakini nyinyi kila lori lina turubai! Tukatandaza turubai, tukamvua abaki na kaptula, tukamlaza katikati. Watu wanne wakashika pembe na kuzinyanyua, ikawa kama mtumbwi. Mmoja yuko kichwani tu, kazi yake kumshika chini ya makwapa ili uso usiingie majini. Jerikeni ya kwanza ilitoka kwenye lile tenki jeusi la plastiki, maji moto kama chai, tukayamwaga, tukaenda kwenye kisima cha pampu. Jerikeni 5 za lita 20, na mama anayeuza soda akatupa barafu yake yote kwenye kreti (tulimlipa baadaye, msiwe na wasiwasi). Halafu wale wa pembeni wanainua huku wanashusha kule, maji yanakwenda yanarudi. Hilo la kutikisa ni muhimu kwa sababu maji yakitulia yale yanayogusa ngozi yanapata joto, yanakuwa kama blanketi. Barafu ikikosekana, maji ya kisima yanafaa, yanachelewa tu.

Dakika 16 tukafika 38.8, tukamtoa. Ukipooza mpaka 37 unapitiliza, mwili unaendelea kushuka wenyewe. Kama huna kipimo fanya dakika 10 mpaka 15, au mpaka aanze kuongea maneno yenye akili. Yule alifungua macho akatutukana matusi ya Kiluo, nikajua yupo.

Maji yakiwa kidogo sana, mlaze kivulini, mmwagie mwili mzima bila kuacha huku watu wawili wanampepea kwa nguvu. Hewa ya kiangazi hapa Elegu ni kavu, maji yanakauka upesi na kuondoka na joto, kwa hiyo njia hii inafanya kazi kuliko kule kando ya ziwa Entebbe. Kuweka vipande vya barafu kwapani na kwenye kinena peke yake ni kidogo mno, hiyo iwe nyongeza.

Kuna mmoja alitaka kumpa panadol. Panadol inashusha homa ambayo ubongo wenyewe umeiagiza, kama ya malaria. Hili ni joto la nje na la misuli, ubongo haukuliagiza, dawa haina cha kushusha, na ini ambalo tayari limeumia unaliongezea kazi. Mwingine akataka kumnywesha maji. Mtu asiyejielewa maji yanaingia mapafuni, asipewe chochote mdomoni. Na waragi ya kumpaka mwilini, tafadhali, hapana.

Ndio mzee, uliza. Anauliza, utajuaje sio malaria iliyopanda kichwani? Swali zuri sana mzee wangu. Pale chini ya trela hujui. Malaria kali nayo ni joto na kuchanganyikiwa, sukari ikishuka nayo inachanganya. Lakini kijana aliyeamka mzima, kabeba mifuko kwa muda wa saa nne ndani ya kontena, ghafla akavurugika, huyo unampooza kwanza. Kipimo cha malaria na cha sukari vinafanyika zahanati, na kama ni malaria hujamdhuru kwa kumpooza. Hospitali lazima aende hata kama ameamka anacheka, kwa sababu misuli iliyopikwa inamwaga takataka zake kwenye damu na zinaziba figo, siku inayofuata mkojo unatoka rangi ya koka. Wetu ilimtokea hivyo, akapelekwa Gulu, akawekewa dripu siku kadhaa.

Kurudi kazini? Wa uchovu asirudi siku hiyo hata bosi akipiga kelele, apumzike siku moja mbili. Wa kiharusi si chini ya wiki nzima, na mpaka daktari aseme vipimo vya damu vimerudi sawa, halafu aanze na kazi nyepesi asubuhi, kontena baadaye.

Sasa tanboi wanne njooni hapa, turubai hili. Wewe mrefu ndiye mgonjwa, vua viatu. Nani yuko kichwani?