Hoja Isiyodonoleka: Kutunga Swali la Ufupisho na Mwongozo Wake

Walimu wenzangu, wale mlionisikia nikilisema hili kwingine nivumilieni. Nitaendelea kulisema mpaka nione maswali ya ufupisho yamebadilika. Kila mwaka tunaandika chini ya kifungu, "tumia maneno yako mwenyewe," na kila mwaka wanafunzi wanadonoa sentensi nzima nzima, halafu walimu tunakutana chumba cha kusahihishia kulalamika kuwa watoto ni wavivu. Mimi nasema mwanafunzi anadonoa kwa sababu kifungu kinadonoleka. Ukimpa kifungu chenye hoja tano, kila hoja imekaa kwenye sentensi yake, mwanzoni mwa aya, imeiva na kumenywa, unataka afanye nini? Ameokota ulichomwekea.

Basi leo sitaanza na nadharia ya ufupisho, mnaijua. Nitachukua kifungu kimoja kifupi tukipasue. Nisomeni nacho polepole:

"Miti iliyopandwa kando ya barabara za mjini hufanya kazi ambazo wapita njia wengi hawazioni. Kivuli chake huzuia jua lisiipige lami moja kwa moja. Ndiyo maana wachuuzi, mafundi wa viatu na hata mbwa wa mtaani hukusanyika chini yake saa za mchana. Mtaa wenye miti huwa na joto pungufu kuliko mtaa usio nayo. Mvua inaponyesha, majani hupokea matone kabla hayajafika ardhini, nayo mizizi hufyonza sehemu ya maji. Mitaro hukawia kujaa. Majani hayo hayo hunasa vumbi linalorushwa na magari. Hata hivyo, miti ikichaguliwa vibaya huleta hasara. Mizizi yake hupasua mabomba na kuinua vigae vya njia ya waendao kwa miguu."

Maneno 96. Swali: "Kwa maneno yasiyozidi 40, eleza faida na hasara za miti ya mjini kama zilivyo katika kifungu. Tumia maneno yako mwenyewe. (Alama 10)"

Kabla ya kuandika mwongozo, mtunzi anakaa na kuandika ufupisho wake yeye. Hili ndilo linalorukwa. Watu wanapigia mstari sentensi za kifungu, wanaziita hoja, kisha wanazinakili kwenye mwongozo. Mwalimu anadonoa kwanza, mwanafunzi anafuata! Andika ufupisho wako kifungu kikiwa kimefunikwa, ndipo urudi kuulinganisha. Wa kwangu ni huu:

"Miti ya barabarani hupunguza joto kwa kuitia mitaa kivuli, huchelewesha mafuriko kwa kupunguza maji yanayofika mitaroni, na husafisha hewa kwa kuzuia vumbi. Lakini isipochaguliwa vyema, mizizi yake huharibu miundombinu."

Maneno 29. Wapenzi wa kanuni ya kufupisha hadi theluthi ya kifungu wangempa mwanafunzi maneno 32, yaani matatu tu zaidi ya mwalimu wake. Mimi huongeza kama theluthi juu ya nilichotumia mimi, ndipo nikafika 40. Na tafadhali msichukue idadi kutoka kwenye mitihani ya lugha nyingine. Kiswahili kinabeba sentensi nzima ndani ya neno moja: "hawatatuelezea" ni neno moja, nawe unalihesabu moja. Maneno 40 ya Kiswahili yana nafasi kubwa kuliko mnavyodhani. Angalieni pia "kwasababu" na "kwahiyo" zilizogandishwa. Baadhi ya wanafunzi wamegundua kuwa kugandisha kunaokoa neno. Hesabuni mawili.

Sasa hoja. Katika kifungu hiki ziko nne: joto hupungua, mafuriko huchelewa, hewa hupungua vumbi, na miti isiyofaa huharibu miundombinu. Wachuuzi na mbwa si hoja, ni mfano. Nimewaweka makusudi katikati ya sababu na matokeo, ili kivuli kiwe sentensi moja na joto liwe nyingine, na mwanafunzi alazimike kuruka mbwa na kuunganisha. Hapo ndipo ufupisho unapopimwa. Asiyeelewa atanakili kivuli na kuacha joto, na kivuli peke yake hakipati alama, kwa sababu swali limeuliza faida.

Najua kuna anayeuliza kimoyomoyo: mabomba na vigae si hoja mbili? Zikiwa mbili tunapata tano, hesabu inapendeza. La! Hapa ndipo miongozo mingi inapowaumiza wanafunzi bora. Yule aliyeandika "miundombinu" amefanya hasa kile tulichomfundisha, amekusanya vitu viwili chini ya jina moja. Mwongozo wenye mabomba kama hoja na vigae kama hoja utampa alama moja au sifuri, huku aliyenakili orodha akipata mbili. Tumemwadhibu kwa kufupisha. Orodha ya mifano ya aina moja ihesabiwe hoja moja siku zote, na mwongozo utaje jina la jumla kwanza, kisha useme: "au atakayetaja mabomba na njia pamoja."

Ugawaji wa alama ni rahisi: kila hoja alama moja ya maana na moja ya maneno yake, hiyo 8. Mbili zinazobaki ni za mtiririko. Maana na maneno vitenganishwe kwenye karatasi kwa herufi mbili ndogo pembeni, m ya maana na n ya maneno. Mkivichanganya, msahihishaji mkali atamnyima aliyenakili vyote, mpole atampa vyote, na ninyi mtabaki kubishana.

Alama ya maneno ndiyo yenye ugomvi, kwa hiyo niikalie kidogo. "Maneno yako" haina maana ya kubadilisha kila neno. Hakuna jina jingine la mti. Mwongozo uwe na orodha ya yanayoruhusiwa kubaki: miti, majani, mizizi, joto, mvua, maji, mitaro, vumbi, kivuli. Mwanafunzi anayekwepa "vumbi" akaandika "chembechembe za udongo zirukazo" hatujamfundisha lugha, tumemfundisha woga. Kinachokatazwa ni mfululizo: maneno manne yanayofuatana kama yalivyo kwenye kifungu. Na kinachokatazwa zaidi, ingawa wengi hawakioni, ni mifupa ya sentensi kubaki ile ile na kubadilishwa shati tu.

Tusahihishe majibu matatu niliyoyatunga kwa ajili hii.

La kwanza: "Kivuli chake huzuia jua lisiipige lami moja kwa moja. Majani hupokea matone kabla hayajafika ardhini. Majani hayo hunasa vumbi linalorushwa na magari. Mizizi yake hupasua mabomba."

Kivuli bila joto, hakuna hoja. Matone bila mitaro kuchelewa kujaa, hakuna hoja. Vumbi, hoja ipo, m moja, lakini n hakuna. Mabomba: ameacha sharti la miti kuchaguliwa vibaya, kwa hiyo amesema miti yote hupasua mabomba, jambo ambalo kifungu hakikulisema, tena vigae hamna. Sifuri. Mtiririko hamna, ni sentensi nne zisizojuana. Jumla 1. Mnaona? Sikuhitaji kumkemea kwa kunakili. Kifungu kimemkamata chenyewe. Ile hoja ya vumbi inadonoleka nzima, nami nimeiacha hivyo kwa kujua. Mwanafunzi dhaifu anahitaji mahali pa kushika, na hoja moja ya namna hiyo katika nne inatosha.

La pili: "Kivuli cha miti hukinga jua lisiichape lami moja kwa moja. Mtaa uliopandwa miti huwa na joto dogo kuliko mtaa usiopandwa. Mvua ikinyesha, majani hupata matone kabla hayajafika chini, na mizizi hunyonya baadhi ya maji. Mitaro huchelewa kujaa. Majani hukamata vumbi..." na linaendelea.

Huyu ana kamusi kichwani, lakini hajafupisha kitu. "Huzuia" imekuwa "hukinga", "hufyonza" imekuwa "hunyonya", na kila kitu kimekaa pale pale kilipokuwa. Weka kidole kwenye kifungu na kingine kwenye jibu, uvisogeze pamoja. Vikitembea sambamba, n ni sifuri. Sasa hesabu maneno: la 40 ni "vumbi". Piga mstari hapo, usisome mbele. Hoja ya hasara imebaki nje ya uzio. Anapata m tatu, n sifuri, mtiririko 1. Jumla 4. Kama angekuwa na nafasi ya maneno 60, angeingiza zote nne, na tungedhani anajua kufupisha.

La tatu: "Miti ya mjini hupoza mitaa, hupunguza mafuriko na kusafisha hewa, lakini ile isiyofaa huharibu miundombinu."

Maneno 15. Naona nyuso. "Fupi mno!" Mno kwa nani? Tulisema yasiyozidi 40. Hoja zote nne zipo, maneno ni yake, "lakini" imebeba mgeuko kutoka faida kwenda hasara. Ni 10 kamili. Mkitaka sababu pia, yaani kivuli, mizizi na majani, andikeni kwenye swali: "eleza faida na namna zinavyopatikana." Msiidai kwenye mwongozo ambao mwanafunzi hauoni. Na "kusafisha hewa" kwa maana ya kunasa vumbi iandikwe kwenye mwongozo mapema kuwa inakubalika, la sivyo meza hii itaipa na meza ile itaikataa.

Kuna mwalimu atasema wanafunzi wake hawana msamiati wa kusema "miundombinu". Sawa. Asiye na msamiati bado ana sarufi. Mfundishe kunyambua: "joto pungufu" liwe "joto hupungua". Mfundishe kuunganisha sentensi mbili kwa "kwa" na kitenzi: hupunguza joto kwa kutia kivuli. Hata "vitu vya barabarani na vya chini ya ardhi" badala ya miundombinu ninaipokea. Haipendezi, lakini amejumlisha.

Muda naona unanifukuza, nami nilikuwa na mengi ya mtiririko. Kwa haraka: 2 kama hoja zimeunganishwa na mgeuko wa faida na hasara unaonekana, 1 kama ni aya moja lakini viunganishi vimekosewa au havipo, 0 kama ni orodha ya nukta au sentensi zisizohusiana. Makosa ya tahajia msiyakate humu. Yana swali lake. Maoni yake binafsi, ya aina ya "kwa hiyo tupande miti", hayapewi wala hayakatwi, yanamlia maneno tu. Nakala chafu haisahihishwi hata ikiwa nzuri kuliko safi, mradi mmewaambia mapema.

Na kifungu kipya, kabla ya kukipeleka kwa wanafunzi, mpeni mwalimu mwenzenu mmoja bila mwongozo, aandike ufupisho wake. Akitoa hoja tatu mahali mlipoweka tano, rudini kwenye mwongozo na mzihesabu upya hizo mbili alizoziacha, moja moja, kabla hamjachapa.