Asilimia Thelathini Mbili Zisizolingana

Ndugu wafanyabiashara, naomba tuanze na hesabu ya darasani. Katika shule ya msingi sote tulifundishwa kwamba asilimia ya faida hupatikana kwa kuchukua faida, kuigawa kwa bei ya kununulia, kisha kuzidisha kwa mia. Hesabu hiyo ni sahihi, na leo nitaiita nyongeza, kwa kuwa inaonyesha tumeongeza kiasi gani juu ya gharama ya bidhaa. Mhasibu, hata hivyo, akisoma daftari la duka huigawa faida ileile kwa mauzo, nayo hiyo nitaiita asilimia ya faida ghafi. Shilingi za faida ni zilezile. Kinachobadilika ni kile tunachozilinganisha nacho. Kwa kuwa bei ya kuuzia ni kubwa kuliko ya kununulia, asilimia ya pili huwa ndogo kuliko ya kwanza maadamu kuna faida.

Tuchukue muuzaji wa khanga mwenye fremu Mbagala, ambaye nimemtunga kwa ajili ya mazungumzo haya lakini ambaye wengi wenu mtamtambua. Hununua doti Kariakoo kwa shilingi 9,600, na akigawa gharama ya usafiri kwa mzigo wote, kila doti humwongezea shilingi 400. Doti moja ikifika rafuni imemgharimu shilingi 10,000. Kwa mwezi huuza doti 400. Kodi ya fremu ni 500,000, msaidizi analipwa 250,000, umeme, ulinzi na taka ni 150,000, nauli zake mwenyewe pamoja na mifuko ni 150,000, na leseni na kodi ya serikali, vikigawanywa kwa miezi, ni 200,000. Jumla ni shilingi 1,250,000.

Mama huyu ni makini, tena anaandika. Amepitia daftari lake na kuona kwamba katika kila shilingi 100 zinazoingia kwenye droo, matumizi hayo yanakula takriban 24. Anataka zibaki 6 za kwake. Akajumlisha, akapata 30, na mpaka hapo hajakosea chochote. Kosa linaingia anapopanga bei, kwani anachukua asilimia 30 ya shilingi 10,000, anapata 3,000, na kuandika kwenye kibandiko 13,000. Matumizi ameyapima kwa mauzo, bei ameipanga kwa gharama, na vipimo hivyo viwili havina msingi mmoja.

Tazameni matokeo. Doti 400 kwa shilingi 13,000 ni mauzo ya 5,200,000. Yeye anaamini asilimia 30 ya fedha hizo, yaani 1,560,000, ni faida ghafi, hivyo akitoa matumizi atabaki na 310,000. Lakini doti hizo zimemgharimu 4,000,000, kwa hiyo faida ghafi ni 1,200,000 tu, ambayo ni asilimia 23 ya mauzo. Matumizi ni 1,250,000. Amefanya kazi mwezi mzima na amepata hasara ya shilingi 50,000, ilhali daftari lake linamwambia anapata faida.

Hasara ya 50,000 si kubwa, na huenda asiitambue. Hatari kubwa zaidi iko katika namna anavyogawa fedha za droo. Kwa kuwa anaamini 30 katika kila 100 ni zake, anazitoa kwa ajili ya kodi, mshahara na nyumbani, na zile 70 anaziweka za kununulia mzigo. Mwisho wa mwezi fungu la mzigo lina 3,640,000. Anakwenda Kariakoo, na kwa gharama ileile ya shilingi 10,000 anarudi na doti 364 badala ya 400. Akiendelea hivyo, mwezi unaofuata anamudu 331, na baada ya miezi sita mzigo wake haufiki doti 230. Hakuna aliyeiba na hakuna khanga iliyoliwa na panya. Mtaji ndio unaoliwa, asilimia tisa kila mzunguko. Katika hali hii msaidizi wa duka hushukiwa bure, nami ningeshauri kwamba kabla ya kumfukuza mtu, hesabu ya bei ifanywe upya. Dalili ya kosa hili ni kwamba idadi ya doti zilizouzwa inalingana na fedha zilizoingia, lakini rafu zinapungua kila baada ya kununua mzigo. Mwizi angeacha pengo kati ya idadi na fedha.

Bei sahihi basi inapatikanaje? Ikiwa 30 katika kila 100 za mauzo ziwe faida ghafi, basi gharama ya bidhaa lazima iwe zile 70 zilizobaki. Tunagawa gharama kwa 0.70, hatuizidishi kwa 1.30:

```
10,000 ÷ (1 − 0.30) = 14,286
```

Akiikaribisha iwe 14,500, ameongeza asilimia 45 juu ya gharama, na faida ghafi ni asilimia 31 ya mauzo. Wengi hushtuka wakisikia 45 na kuona ni ulanguzi. Si ulanguzi, ndicho kiasi kinachohitajika ili fremu ilipiwe na mwenye duka apate chochote.

Mtaniuliza: wateja hawatakimbia? Baadhi watakimbia, na hilo nalo lina hesabu yake. Kwa bei mpya kila doti inaacha shilingi 4,500, hivyo akiuza doti 278 tu matumizi yote yamelipwa. Anaweza kupoteza wateja wa doti 122 kwa mwezi na bado asiingie kwenye hasara, wakati kwa bei ya zamani hata doti zote 400 hazikutosha.

Mkanganyiko huu hujitokeza tena mteja anapoomba apunguziwe. Mwenye duka aliyeongeza asilimia 30 hudhani akipunguza 10 atabaki na 20. Lakini punguzo linakatwa kwenye bei ya kuuzia: asilimia 10 ya 13,000 ni 1,300, na faida inashuka kutoka 3,000 hadi 1,700, karibu nusu imekwenda. Na yule anayetangaza punguzo la asilimia 30 wakati wa sikukuu, akidhani anarudisha gharama yake tu, atauza doti kwa 9,100. Analipia kila mteja shilingi 900 kutoka mfukoni mwake.

Sasa, zipo bidhaa ambazo bei yake haiko mikononi mwetu. Tuseme maduka ya jirani yote yanauza khanga ya mchoro uleule kwa 13,500 na mama huyu hawezi kupita hapo. Hesabu basi inageuzwa: asilimia 70 ya 13,500 ni 9,450, na hiyo ndiyo gharama ya juu kabisa anayoweza kukubali, usafiri ukiwemo. Yeye anatumia 10,000, hivyo ana shilingi 550 za kutafuta katika kila doti. Akichanga usafiri na mwenzake, zile 400 zinaweza kuwa 200. Zinazobaki, 350, atazipata kwa kununua korja nzima badala ya doti mojamoja, au kwa kwenda kwa muuzaji wa jumla mwingine. Asipozipata, khanga za mchoro huo aziweke chache kwa ajili ya kuvuta wateja, na nafasi ya rafu ayape mashuka au vitenge ambavyo bei yake anaipanga mwenyewe.