Tathnia ya Subira na Unyenyekevu: Mishororo Miwili Ikikaguliwa

BI ZUHURA: Assalaam alaykum, wasikilizaji wetu. Tuko Tanga, na kipindi hiki tumekitenga kwa ajili ya tathnia, yaani ubeti wa mishororo miwili, na hasa ule unaofundisha subira na unyenyekevu kwa namna ya methali. Msikilizaji wetu mmoja kijana ametuletea ubeti wake ili tuukague hadharani, kwa ridhaa yake. Maalim Athumani, karibu, nami nitausoma kama alivyouandika:

Subira huvuta heri, usubiri utapata,
Kaa kimya ufikiri, riziki itakufuata.

MAALIM ATHUMANI: Waalaykum salaam, Bi Zuhura. Kwanza nimshukuru kijana huyu, kwa sababu kuleta ubeti mbele za watu ukaguliwe ni jambo linalohitaji moyo. Tuanze na umbo, kwa kuwa umbo linakaguliwa upesi. Ameazimia mizani kumi na sita kwa kila mshororo, nane katika kipande cha kwanza na nane katika cha pili. Mshororo wa kwanza umetimia bila tatizo. Katika mshororo wa pili, “kaa kimya ufikiri” ni nane, lakini “riziki itakufuata” ni tisa: ri, zi, ki, i, ta, ku, fu, a, ta. Vina havina neno, kwani kati ni “ri” na mwisho ni “ta” katika mishororo yote miwili.

BI ZUHURA: Wapo watakaosema kwamba mizani moja si kitu, na kwamba sikio halitaihisi.

MAALIM ATHUMANI: Sikio linaihisi pale tu unapoughani ubeti badala ya kuusoma kwa macho. Ukiutia katika mahadhi, mghani hulazimika kuharakisha kipande cha mwisho ili kiingie, na ubeti unaohimiza subira unamalizikia katika pupa. Dawa yake hata hivyo ni nyepesi, kwa sababu washairi tangu zamani wameruhusiwa kufinya neno, na “itakufwata” inairudisha hesabu kwenye nane. Mizani huhesabiwa kwa sauti wala si kwa herufi. Katika neno “mvuvi”, ile “m” inasimama peke yake na kuhesabiwa, ilhali katika “mbona” imeungana na “b” na silabi ni mbili tu. Vijana wengi hukosea hapo.

BI ZUHURA: Basi tuseme umbo limetengenezwa. Nilipousoma mara ya pili, mimi nilitatizwa zaidi na maana yake.

MAALIM ATHUMANI: Na mimi pia, na huko ndiko ninakotaka tukae. Tazama kipande cha kwanza. “Subira huvuta heri” ni methali nzima, nayo kwa bahati ina mizani nane kamili, ndiyo maana wanaoanza hupenda kuifungulia ubeti. “Mpanda ngazi hushuka” nayo ina nane, na hutumiwa vivyo hivyo. Taabu ni kwamba methali imekwisha kusema neno lake lote kabla mshairi hajafungua kinywa. Kipande kinachofuata, “usubiri utapata”, kinairudia tu methali kwa maneno mengine. Katika shairi la mishororo minne kuna nafasi ya kujikomboa, kwani una mwanzo, mloto, mleo na kituo, na ukilegea katika mloto waweza kukaza kamba katika mleo. Tathnia haina nafasi hiyo. Mshororo wa kwanza unaweka jambo, na wa pili ndio jibu na ndio kituo, vyote kwa pamoja.

BI ZUHURA: Na jibu alilotoa linamwambia mtu akae kimya, riziki itakuja yenyewe.

MAALIM ATHUMANI: Hilo si funzo la subira kama tulivyolipokea. Masheikh wanapoisomesha subira huigawa mafungu matatu: subira ya kudumu katika twaa, yaani utiifu kwa Mola, subira ya kujizuia na maasi, na subira ya kustahimili msiba. Katika yote matatu mtu anafanya kazi. Anayeamka alfajiri kila siku ana kazi, anayezuia mkono wake usiguse cha haramu ana kazi, na aliyefiwa akauzuia ulimi wake ana kazi kubwa kuliko wote. Qurani inasema katika Suratul Baqara, aya ya 153, “Enyi mlioamini, takeni msaada kwa subira na swala,” na hapo subira imetajwa kuwa ni kitu unachokitumia, tena sambamba na ibada ya mwili na moyo. Mtu akiupokea ubeti wa kijana wetu kama ulivyo, ataweza kulala kibarazani hadi adhuhuri na kujiita mwenye subira.

BI ZUHURA: Kwa hiyo ungeujenga upya vipi?

MAALIM ATHUMANI: Ningeanza na kitu kinachoonekana, niiache methali isikike kwa mbali bila kutajwa. Hapa kwetu wakati wa kusi bahari huchafuka, na ukienda Sahare utawakuta wavuvi wamepandisha vyombo, lakini hawakukaa bure. Nikaandika hivi:

Mvuvi hushona wavu, bahari ikichafuka,
Subira siyo uvivu, kazi na dua hushika.

BI ZUHURA: Vina ni “vu” na “ka”, na mizani nimeihesabu kwa vidole, imetimia. Lakini naona umelitaja neno “uvivu” waziwazi. Je, si ungeliacha msikilizaji alitambue mwenyewe?

MAALIM ATHUMANI: Swali lako lina haki, na nililifikiria. Ubeti wa mafumbo matupu hupendeza kwa wajuzi, lakini huu unafundishwa watoto wa madrasa na unasomwa katika mawaidha, ambako msikilizaji anausikia mara moja tu na hawezi kurudi nyuma. Ndipo nikaweka picha katika mshororo wa kwanza na hukumu katika wa pili. Ningeanza na hukumu, picha ingekuja ikiwa imechelewa na ingekuwa pambo tu.

BI ZUHURA: Huo ni wa subira katika kazi na kungojea. Katika msiba je? Maana huko ndiko watu wanakoumizwa zaidi na beti za haraka. Nimehudhuria matanga ambapo mfiwa anaambiwa “subiri, usilie”, na ukimtazama unaona neno hilo limemwongezea jeraha.

MAALIM ATHUMANI: Umenigusa, Bi Zuhura, kwa kuwa kosa hilo nimeliona katika beti nyingi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofiwa na mwanawe Ibrahimu alitokwa na machozi, na akasema kwamba jicho hulia na moyo huhuzunika, ila hatusemi isipokuwa linalomridhisha Mola wetu. Mpaka umewekwa hapo, kwenye ulimi, wala haukuwekwa kwenye jicho. Mshairi akiusogeza mpaka huo atamkataza mja jambo ambalo halikukatazwa. Kwa hiyo nilipotunga, nilianza kwa kumpa mfiwa ruhusa yake kwanza:

Machozi si dhambi kwako, msiba unapogonga,
Zuia ulimi wako, Mola usije mpinga.

BI ZUHURA: Na “unapogonga” umeichagua kwa makusudi, naamini, maana ungeweza kusema “ukishapita”.

MAALIM ATHUMANI: Kwa makusudi kabisa. Iko hadithi ya mwanamke aliyekuwa akilia kaburini, Mtume akamwambia amche Mungu na asubiri, naye akamjibu amwache kwa kuwa hakufikwa na msiba kama wake, bila ya kumjua anayesema naye. Alipoambiwa kuwa yule ni Mtume akaenda kumtaka radhi, na jibu alilopewa ni kwamba subira ni pale pigo la kwanza. Baada ya mwezi kila mtu hutulia, atake asitake. Ubeti ukiiweka subira baada ya siku kupita, umeiweka mahali ambapo haina uzito.

BI ZUHURA: Tuje kwenye unyenyekevu, ambao mimi nauona mgumu kuutungia kuliko subira. Ukiusifu unyenyekevu kwa sauti ya juu, tayari umekaa juu ya wenzako.

MAALIM ATHUMANI: Hapo ndipo penye mtego. Nitakusomea nilivyouandika kwanza, kisha nikueleze nilichobadilisha:

Umeweka paji chini, mbele ya Mola Rabuka,
Ukifika barazani, mbona kichwa chainuka?

BI ZUHURA: Ni ubeti mzuri, nao unauma. Unaikumbusha ile aya ya 63 ya Suratul Furqan, inayowataja waja wa Mwingi wa Rehema kuwa ni wale wanaotembea ardhini kwa unyenyekevu. Kwa maana hiyo sijida ya msikitini inaulizwa nje ya msikiti, katika mwendo na katika mazungumzo.

MAALIM ATHUMANI: Maana ni hiyo hasa. Lakini nilipoughani mbele ya wanafunzi wangu, niliona macho yao yanamtafuta mtu. Kila mmoja alikuwa na jirani yake anayemfikiria, mwenye kiburi cha barazani, na hakuna aliyejitazama mwenyewe. Ubeti ulikuwa umewapa fimbo ya kumpigia mwingine. Nikageuza nafsi tu:

Nimeweka paji chini, mbele ya Mola Rabuka,
Nikifika barazani, mbona kichwa chainuka?

BI ZUHURA: Na hesabu haikuyumba, kwani “u” na “ni” zote ni mizani moja.

MAALIM ATHUMANI: Haikuyumba hata kidogo, na vina vimebaki vilevile. Kilichobadilika ni aliyesimama kizimbani. Lile “mbona” la kwanza lilikuwa lawama, na hili la pili limekuwa toba, kwa kuwa mtu anayejiuliza swali hilo amekwisha kuanza kukiinamisha kichwa.

BI ZUHURA: Ngoja nikupinge kidogo. Kuna wakati mtu anapaswa kuambiwa “wewe”. Luqmani alipomuusia mwanawe alimwambia moja kwa moja asiwabeuze watu uso wake, na asitembee ardhini kwa maringo. Hakujificha nyuma ya nafsi ya kwanza.

MAALIM ATHUMANI: Nakubali, na sisemi kuwa “wewe” ni kosa mahali pote. Luqmani alikuwa baba anayesema na mtoto wake, na usia una haki ya kuelekezwa kwa mtu. Ubeti unaotoka kwa mshairi kwenda kwa watu asiowajua hauna haki hiyo moja kwa moja. Ndiyo sababu katika ubeti wa msiba nimebaki na nafsi ya pili, kwani mfiwa anahitaji kusemeshwa na asiachwe peke yake, ilhali katika kiburi nimejihesabu mimi kwanza.

BI ZUHURA: Hiyo imeniingia. Mwalimu mmoja wa madrasa ametuomba ubeti wa kuwaandikisha watoto ubaoni, na nilitaka nimpelekee huo wa sijida. Nimpelekee upi kati ya hiyo miwili?

MAALIM ATHUMANI: Mpelekee wa “nimeweka”, na umwambie aughani yeye mwenyewe mara ya kwanza, watoto wasikilize, kisha ndio waufuatishe. Alama ya mkato ibaki baada ya “chini” na baada ya “barazani”, ili mtoto avute pumzi mahali pake, na alama ya kuuliza isisahauliwe, maana bila hiyo watausoma kama taarifa.

BI ZUHURA: Nitamwandikia jioni hii. Na kijana wetu aliyetuletea ubeti wa riziki tunamwomba aujaribu tena, achague fungu moja tu kati ya yale matatu ya subira, kisha autume tuughani katika kipindi kijacho.