Barua ya Kukumbushia Siyo Lalamiko la Pili

Ndugu zangu, nimeombwa nizungumzie malalamiko ya wafanyakazi kwa uongozi. Lalamiko la kwanza sitaligusa, kwa sababu wengi wenu mmeshaliandika na mnajua lilivyo. Nataka tukae kwenye kinachofuata. Umeandika, umepeleka, wiki ya kwanza imepita, ya pili, ya tatu, na hakuna aliyekwambia hata "tumeipata". Hapo ndipo watu wanapoharibu kesi nzuri. Nimelisema hili kwenye mikutano mingi na nitalisema tena leo: barua ya kukumbushia siyo lalamiko la pili. Kazi yake ni kuitoa barua ya kwanza pale ilipolala.

Nasema "ilipolala" kwa sababu nimefanya kazi masjala miaka 11 na nimeziona zikilala. Barua ikiingia, karani anaigonga muhuri wa tarehe, anaiandika kwenye daftari la barua zinazoingia, halafu anatazama mstari wa YAH. Kwa mstari huo anaamua iingie faili gani. Faili linapanda kwa mkubwa, mkubwa anaandika pembeni maneno mawili matatu, "tuzungumze", au "ashughulikie", kisha faili linashuka kwa afisa. Afisa akiwa safarini, linakaa mezani kwake. Akihamishwa, linabaki kabatini. Hapo hakuna aliyekataa lalamiko lako, na hakuna anayelifanyia kazi.

Sasa sikilizeni kisa cha dada mmoja, mfungashaji kiwandani. Kiwanda sikitaji. Alikuwa anadai malipo ya saa za ziada 46 za Januari na Februari. Aliandika barua tarehe 3 Machi, akaipeleka mwenyewe tarehe 4, akagongewa muhuri kwenye nakala yake. Hilo alilifanya vizuri sana. Zikapita wiki tatu, kimya. Akaja kwangu na barua ya pili aliyokwisha kuiandika, kurasa tatu, akitaka nimsahihishie tahajia tu.

Nikaisoma yote. Ukurasa wa kwanza ulieleza upya habari za saa za ziada, lakini safari hii saa zilikuwa 50, kwa sababu alikuwa ameongeza za wiki ya kwanza ya Machi. Ukurasa wa pili ulikuwa wa msimamizi wake: anavyopendelea watu wake kwenye zamu, anavyojibu watu kwa dharau. Wa tatu ulisema feni ya chumba cha kufungashia imeharibika, na kwamba asipojibiwa mara moja atachukua hatua kali. Juu kabisa aliandika YAH: UNYANYASAJI KAZINI. Barua ya kwanza ilikuwa imeandikwa YAH: MADAI YA SAA ZA ZIADA.

Yote aliyoyaandika yalikuwa kweli, nami niliumia naye. Lakini mtazameni karani anavyoipokea hiyo barua. Anasoma "unyanyasaji". Hana faili la unyanyasaji la mtu huyu, anafungua jipya. Faili jipya linapanda, linapewa afisa mwingine. Yule mwenye madai ya saa za ziada hajui kwamba amekumbushwa. Huyu mpya naye anaona lalamiko lililoingia leo, siku yake ya kwanza, hana sababu ya kukimbia. Zile wiki tatu za kungoja zimefutika. Tena akitokea mtu wa kuzilinganisha barua mbili, ataona 46 huku na 50 kule, ataanza kuuliza mdai anajua anachodai au hajui.

Tuliketi, tukaandika nyingine. Nimekuja nayo, nimeondoa majina tu:

> Kumb. Na.: (ileile ya barua ya kwanza)
> 25 Machi
>
> Meneja Rasilimali Watu
>
> YAH: MADAI YA SAA ZA ZIADA, JANUARI NA FEBRUARI – KUKUMBUSHIA
>
> Tafadhali rejea barua yangu ya tarehe 3 Machi yenye kichwa kama hicho hapo juu, iliyopokelewa masjala tarehe 4 Machi. Nakala yake yenye muhuri nimeiambatisha.
>
> Hadi leo, siku 21 tangu ipokelewe, sijapata barua ya kukiri kuipokea wala jibu. Tarehe 17 Machi nilifika ofisini kwako kuulizia, nikaambiwa nisubiri.
>
> Naomba kufikia tarehe 2 Aprili unijulishe kwa maandishi kwamba barua imepokelewa, ni nani anayeishughulikia, na nitegemee jibu lini.
>
> Wako katika kazi,
> (sahihi, jina, namba ya utumishi, idara)

Basi. Nusu ukurasa. Mwanzoni hakuipenda. Aliniambia, "Mbona hapa sijadai pesa yangu?" Nikamwambia pesa umeidai tarehe 3 Machi, na dai lako limeambatishwa hapo. Meneja akiombwa alipe saa 46, ana sababu ya kukaa kimya, kwani lazima kwanza aulize mhasibu, atafute karatasi za mahudhurio, amwite msimamizi. Akiombwa aseme tu kwamba barua ameipata na iko kwa nani, hana cha kungojea. Ombi hilo linajibika kwa mistari miwili leo hii. Asipolijibu hilo, kimya chake hakina tena kisingizio cha uchunguzi.

Tazameni pia ile "tarehe 17 Machi nilifika ofisini". Watu wengi hufuatilia kwa mdomo. Unakutana na bosi kwenye korido, anakwambia "tunalifanyia kazi", unarudi umeridhika. Mazungumzo ya korido hayaingii faili. Yaingize wewe: tarehe, ulimwona nani, ukaambiwa nini, sentensi moja bila kuongeza chumvi. Hata kama uliambiwa neno baya, andika lilivyosemwa na usiweke maoni yako juu yake.

Na tarehe 2 Aprili. Msiandike "haraka iwezekanavyo", nawaomba sana. Haraka ya meneja ni miezi miwili. Tarehe ikiandikwa, karani mzuri anaiweka kwenye kalenda yake kwamba faili lirudishwe kwa mkubwa kabla ya siku hiyo. Siku saba au nane za kukiri kupokea zinatosha.

Dada yule alipata jibu tarehe 30 Machi. Kumbe barua ya kwanza ilikuwa imewekwa kwenye faili lake la likizo, kwa sababu siku hiyohiyo aliwasilisha na fomu ya likizo, zikabanwa pamoja kwa pini. Wiki tatu zote hizo meneja hakuwa ameiona. Fikirini angepeleka zile kurasa tatu, anamtuhumu mtu kwa kupuuza barua ambayo haijafika mezani kwake. Madai yenyewe yalichukua muda mwingine, kulikuwa na ubishi juu ya zamu mbili za Februari, lakini kuanzia siku ile alijua anazungumza na nani.

Najua kuna anayesema moyoni: nikikumbusha nitaonekana msumbufu, nitawekwa kwenye daftari la wakorofi. Sichukulii hofu hiyo kwa wepesi, nimewaona watu wakiadhibiwa. Lakini kuwasilisha lalamiko siyo utovu wa nidhamu. Shirika la Kazi Duniani lina Pendekezo namba 130 la mwaka 1967 linalohusu hasa uchunguzi wa malalamiko kazini, nalo linasema mfanyakazi awe na haki ya kuwasilisha lalamiko bila kudhurika kwa namna yoyote. Pendekezo halifungi mtu kama sheria, ni kweli, lakini linakuonyesha kwamba unachofanya kinatambulika duniani. Halafu hiyo barua niliyowasomea, nani ataita ukorofi ndani yake? Ukiogopa kuonekana mkorofi, ondoa vivumishi. Acha tarehe zibaki.

Na yule mwingine anayesema, kwa nini nisubiri wiki tatu, si nipeleke nakala kwa kila mtu leo? Kwanza fungua kanuni za utumishi za kwenu. Kama zimeweka siku za kujibu lalamiko, hizo ndizo zako, na kifungu chake ukitaje kwenye barua. Kama hazisemi kitu, mimi huwashauri watu wiki mbili hadi tatu, na hesabu inaanza tarehe ya muhuri, siyo tarehe uliyoandika. Nakala kwenye ukumbusho wa kwanza mpe katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi peke yake. Ukimrundikia meneja nakala za mkurugenzi, bodi na magazeti siku ya kwanza, umemfanya ajilinde, na umejimalizia ngazi zote za kupanda. Ukumbusho wa pili ndio unaokwenda kwa aliye juu yake, ukiwa umeambatisha zote mbili za nyuma.

Muda umekimbia, niseme mengine kwa kifupi. Kama lalamiko ulilituma kwa barua pepe, usianze ujumbe mpya. Fungua ule ule uliotuma, bonyeza kujibu, ili maneno ya kwanza na tarehe yake vibaki chini. Kama lalamiko linamhusu huyohuyo anayepokea barua, au ni mambo ya unyanyasaji wa kijinsia, usipitishe masjala ya wazi. Bahasha ifungwe, iandikwe SIRI, iende kwa aliye juu yake, na aliyeipokea akusainie. Hilo lilistahili mhadhara wake.

La mwisho siwezi kuliacha kwa sababu limewaumiza watu niliokuwa nawafahamu. Ukumbusho hausimamishi saa. Kama sheria ya kazi ya nchi yako imekupa muda wa kupeleka mgogoro kwenye chombo cha nje, muda huo kwa kawaida unaendelea kuhesabika wakati wewe unaandika ukumbusho wa kwanza, wa pili, wa tatu, na uongozi umenyamaza. Nimemwona mzee mmoja ana barua sita za kukumbushia, zote na mihuri, zimepangwa vizuri kwenye faili, na alipofika kwenye chombo akaambiwa amechelewa. Kwa hiyo siku unapoandika ukumbusho wa kwanza, muulize katibu wa chama au mwanasheria mwisho wa muda wako ni tarehe ngapi, uiandike juu ya jalada la faili lako kwa wino mwekundu. Ikikaribia, acha kukumbusha, nenda.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Waliokuja na barua zao, nitakuwa pale meza ya kando hadi saa kumi. Njooni na nakala yenye muhuri. Ambaye nakala yake haina muhuri, tutaanzia hapo.