Kete Moja, Visanduku Sita: Kujifunza kwa Q kwa Kalamu na Karatasi

Kompyuta zifungeni kwanza. Wanaonijua wameshaanza kucheka, maana wamenisikia nikilisema hili mara nyingi. Leo tunafuata kwa mkono jinsi programu inavyojifunza njia bora kwa kujaribu na kupokea tuzo. Toeni karatasi, mchore visanduku sita.

```
A  B  C
D  E  F
```

Kete yetu inaanzia D. Ikiingia C inapata 10 na safari imekwisha. Ikiingia F, ambalo ni shimo, inapata −10 na safari imekwisha vilevile. Kwingine kote tuzo ni sifuri. Ikigonga ukuta inabaki pale pale ilipo. Kila kisanduku kina matendo manne: juu, chini, kushoto, kulia. Kwa kila tendo tunaandika namba moja, Q, ambayo ni makisio ya faida itakayopatikana nikifanya tendo hili hapa kisha nikaendelea vizuri. Mwanzo zote ni sifuri. Kanuni ni hii aliyoitoa Chris Watkins katika tasnifu yake ya Cambridge mwaka 1989:

```
Q(s,a) ← Q(s,a) + α [ r + γ max Q(s',·) − Q(s,a) ]
```

Hapa s ni kisanduku nilipo, a ni tendo, r ni tuzo, na s' ni kisanduku ninachofikia. Alfa, α, ni sehemu ya pengo ninayoisogeza; gama, γ, ni uzito wa makisio ya huko mbele. Alfa tuiweke 0.5, gama 0.9. Kilichomo ndani ya mabano ndiyo tofauti ya wakati: nilikisia kitu, nikapiga hatua moja, sasa nakisia upya nikiwa mbele kidogo. Makisio hayo mawili yamepishana kiasi gani? Nusu ya pengo hilo naisogeza.

Safari ya kwanza, kete ikaenda kwa bahati tu: juu hadi A, kulia hadi B, kulia hadi C. Andikeni pamoja nami. Q(D, juu): tuzo sifuri, kubwa kuliko zote pale A ni sifuri, jibu sifuri. Q(A, kulia): sifuri. Q(B, kulia): nusu ya 10, yaani 5.

Basi. Safari nzima, namba moja tu imebadilika.

Hapa ndipo ninapogombana na watu. Kijana anaandika programu, anaendesha safari moja, anaona jedwali limejaa sifuri, anasema imeharibika. Haijaharibika! Kete ilipokuwa D haikujua lolote kuhusu C. Iliuliza jirani yake tu, A, na A naye alikuwa hajui. Habari ya zile 10 inarudi nyuma nyumba moja kwa kila safari, kama mtu anayebisha hodi mlango kwa mlango.

Safari ya pili, njia ileile. D anauliza A, A bado sifuri. A anauliza B, ambaye sasa ana 5: nusu ya 0.9 mara 5, tunapata 2.25. B anapanda kutoka 5 hadi 7.5. Safari ya tatu: D anapata nusu ya 0.9 mara 2.25, yaani 1.0125. A anafika 4.5. B anafika 8.75. Ukiendelea na njia hiyo zitatulia kwenye 8.1, 9 na 10. Kila hatua ya kurudi nyuma inazidishwa kwa 0.9, ndiyo kazi ya gama.

Kuna atakayesema, “Mwalimu, huu ni upotevu. Kwa nini nisitunze kumbukumbu ya safari nikairekebisha kuanzia mwisho?” Umesema kweli, jaribu. Chukua safari ya kwanza peke yake, anza na B: 5. Kisha A: 2.25. Kisha D: 1.0125. Umeiona hiyo namba? Ndiyo ileile ambayo D aliisubiri safari tatu. Kwa hiyo wanaohifadhi safari za zamani na kuzipitia tena hawafanyi uchawi wowote, wanafupisha foleni ya kubisha hodi. Ila kumbuka B na A bado wako chini kuliko walivyokuwa baada ya safari tatu, maana wamerekebishwa mara moja tu.

Sasa kisa changu, wenye kukijua wavumilie. Mwanafunzi mmoja aliniletea jedwali ambalo Q(B, kulia) ilikuwa 36.9. Nikamuuliza tuzo kubwa kabisa ni ngapi. Kumi. Inapatikana mara ngapi kwa safari? Mara moja. Hizo 26.9 zimetoka wapi? Akanyamaza. Alikuwa ameshapunguza alfa, amebadilisha gama akairudisha, amekesha wiki nzima.

Kosa lilikuwa mstari mmoja. Kete ilipofika C, programu yake iliirudisha D mara moja kwa ajili ya safari mpya, halafu ikasoma D kana kwamba ndicho kisanduku kinachofuata. B akawa anapokea 10 pamoja na 0.9 ya thamani ya D, na D thamani yake inatoka kwa B huyohuyo. Wakopeshana wenyewe kwa wenyewe! B ni 10 jumlisha 0.729 ya B, yaani 10 gawanya kwa 0.271. Karibu sana na thelathini na sita nukta tisa, wala si namba ya bahati. Baada ya mwisho hakuna kinachofuata, hivyo sehemu ya gama ni sifuri. Ukiona thamani inayozidi tuzo inayowezekana, anza kuchunguza hapo kabla hujagusa alfa.

Wananionyesha saa. Haya, shimo kwa haraka. Safari ya nne: D kulia hadi E, E kulia hadi F. Q(E, kulia) inakuwa −5. Safari ya tano, tena D kulia hadi E. Je, Q(D, kulia) imeshuka? Haikushuka. Tunachukua kubwa kuliko zote pale E, na matendo mengine ya E bado ni sifuri, hivyo −5 haimfikii D. Kisha kete ikapanda juu hadi B: nusu ya 0.9 mara 8.75, Q(E, juu) ni 3.9375.

Mtu mwoga atasema ni uzembe huo, kutembea ukingoni mwa shimo bila hofu. Ndivyo ilivyo. Q inakisia kana kwamba hutateleza tena. Kuna kanuni ndugu yake iitwayo SARSA; yenyewe haichukui kubwa kuliko zote, huuliza tendo utakalolifanya kweli: kama katika safari ya tano kete ingechagua tena kulia pale E, D angepata nusu ya 0.9 mara −5, yaani −2.25, akaanza kuogopa njia ya chini. Kama roboti yako inajaribujaribu huku ikiwa inafanya kazi ya kweli na shimo ni la kweli, fikiria hilo. Jinsi ya kupunguza alfa na kujaribujaribu, nilikuwa nayo kurasa mbili, tuziache.

Swali la nyumbani: kete iko D, inasukuma kushoto, inagonga ukuta. Q(D, kushoto) itatulia wapi? Ukipata 8.1, hujalipia ile hatua iliyopotea. Ukipata 7.29, washa kompyuta.